Jibu lisilo sahihi huacha nyayo: kufuatilia makosa katika hesabu za titresheni

Ni nadra mwanafunzi wa kemia wa sekondari, awe Tanzania au Kenya, kumaliza shule bila kukutana na swali la aina hii. Gramu 3.50 za fuwele za magadi ya kufulia, yenye fomula Na2CO3·xH2O, zimeyeyushwa na kufanywa myeyusho wa 250 cm³. Pipeti imechota 25 cm³ za myeyusho huo na kuzitia kwenye chupa ya koni. Yakadondoshwa matone mawili ya methili oranji, kisha asidi hidrokloriki ya 0.100 mol/dm³ ikateremshwa kutoka kwenye bureti mpaka manjano ikageuka rangi ya chungwa. Usomaji wa kwanza, ule wa majaribio, ulikuwa 24.90 cm³. Mitatu iliyofuata ilikuwa 24.50, 24.40 na 24.45. Swali linataka x, yaani idadi ya molekuli za maji zilizokaa ndani ya fuwele kwa kila fomula moja ya sodiamu kaboneti.

Kusanya madaftari ya darasa zima na utakuta majibu ya kila namna: 10, 2.06, 153, −1.91, 13.6, 9.33. Desturi yetu ni kuweka vema kwenye 10 na alama nyekundu kwenye mengine yote, na pembeni kuandika "kuwa makini". Naona hapo ndipo tunapopoteza kitu cha thamani, kwa sababu hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyotokea hewani. Kila moja imetoka kwenye mstari fulani wa hesabu. Mtu anayejua njia nzima anaweza kuitazama namba yenyewe na kukisia mstari uliopotoka, kabla hajasoma daftari lote.

Tuanze na njia iliyonyooka, maana huwezi kujua mtu amepotea wapi kama wewe mwenyewe hujaipita barabara.

Wastani wa ile mitatu inayokubaliana ni 24.45 cm³, ule wa majaribio hauingii. Moli za asidi ni 0.100 mol/dm³ mara 0.02445 dm³, yaani 0.002445. Mlinganyo unasema Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2, hivyo kila kaboneti moja inamaliza HCl mbili, na moli za kaboneti kwenye chupa ya koni ni nusu ya hizo: 0.0012225. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya myeyusho wote, kwa hiyo 250 cm³ zina moli 0.012225. Gramu 3.50 zilizopimwa kwenye mizani ndizo zilizoleta moli hizo, basi masi ya moli moja ni 3.50 kugawanya kwa 0.012225, yaani gramu 286.3. Toa 106 za Na2CO3, inabaki 180.3. Gawanya kwa 18 za maji: 10.02. Kwa kuwa x huhesabu molekuli, jibu ni 10.

Hatua hizo ni chache, lakini haziko za aina moja. Hatua ya kugawanya kwa 2 inadai uelewe mmenyuko. Ile ya kugeuza 24.45 kuwa 0.02445 inadai ujue vizio. Kutafuta wastani, kunakili namba na kubonyeza kikokotoo kunadai mkono uliotulia. Ile ya kuzidisha kwa 10 iko katikati: ukiitazama ni hesabu tupu, lakini anayeisahau mara nyingi hakuona picha ya kilichofanyika mezani.

Linganisha kabla ya kutoa

Mbinu yenyewe ni rahisi. Chukua jibu lisilo sahihi, ligawanye kwa lililo sahihi, kisha jiulize uwiano huo ungeweza kutoka kwenye hatua ipi. Ukipata 2 au nusu, shuku uwiano wa moli. Ukipata 10, shuku sehemu iliyochotwa kwa pipeti. Ukipata 1000, ni sentimita za ujazo ambazo hazikugeuzwa kuwa desimita.

Ila kuna mtego ambao nimeona hata walimu wakiuingia: wanalinganisha thamani za x. Thamani ya x inapatikana baada ya kutoa 106, na kutoa huvuruga uwiano wote uliokuwepo. Aliyepata 2.06 badala ya 10.02 ana namba ambayo ni kama moja ya tano ya iliyo sahihi, na hakuna hatua yoyote katika hesabu hii inayogawanya kwa tano. Ukimfuata hivyo utazunguka bure. Rudi mstari mmoja nyuma, kwenye masi ya moli moja, na utakuta ameandika 143.15. Igawanye 286.3 kwa hiyo, unapata 2 kamili. Sasa unajua pa kwenda.

Ile 2 inahesabu nini?

Jibu la 2.06 ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu linafanana na jibu. Ni chanya, limekaribia namba nzima, na mwanafunzi ataliandika x = 2 kwa amani ya moyo. Ametumia uwiano wa moja kwa moja: moli za asidi 0.002445, basi na za kaboneti 0.002445. Moli za kaboneti zikiongezeka maradufu, masi ya moli moja inapungua kwa nusu, na maji yanaonekana machache mno.

Kumwambia kwamba amesahau 2 hakutoshi, kwa sababu kosa hilo lina mizizi zaidi ya mmoja. Wa kwanza hakuandika mlinganyo kabisa. Kwake kila asidi na kila besi hukutana moja kwa moja. Wa pili aliandika mlinganyo ukasawazishwa vizuri, 2 iko pale mbele ya HCl, lakini hajui kazi yake ni ipi. Wa tatu anajua kila kitu, ila alipohama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine aliruka hatua. Daftari za hao watatu zinaweza kuishia na namba ile ile, na dawa zao hazifanani hata kidogo.

Namna ya kuwatenganisha ni kuuliza swali moja fupi juu ya mstari wenyewe. Yule wa pili hujibu hivi:

"Hii 2 iliyo mbele ya HCl inahesabu nini?"

"Inaonyesha mlinganyo umesawazishwa, mwalimu."

"Sawa. Mbili ya nini?"

"Ya... gramu?"

Hapo ndipo penye shida yake, na hakuna alama nyekundu ambayo ingeliibua jambo hilo. Anaona namba za mbele kama pambo la kuufanya mlinganyo ukubalike. Haoni kwamba zinahesabu chembe zinazokutana. Wengine husema ni ya ujazo, na hao wataendelea kuamini kwamba asidi lazima itumike cm³ mbili kwa kila cm³ moja ya kaboneti. Katika swali letu zimetumika 24.45 kwa 25, na namba hizo mbili zinakaribiana kwa sababu tu ukolezi wa asidi ni kama mara mbili ya ule wa kaboneti.

Kuna na wanaojua kwamba 2 inahesabu chembe, lakini wanazidisha badala ya kugawanya. Kwao mfano wa baiskeli hufaa. Kila fremu inataka magurudumu mawili. Ukiniambia magurudumu 20 yametumika, hakuna atakayesema zimeundwa baiskeli 40. HCl ndiyo magurudumu, kaboneti ndiyo fremu, na tulichohesabu kwenye bureti ni magurudumu.

Kipimo cha kweli cha kama ameelewa ni kubadilisha asidi. Mpe swali lile lile, lakini kwenye bureti uweke asidi salfuriki. Mlinganyo unakuwa Na2CO3 + H2SO4 → Na2SO4 + H2O + CO2, moja kwa moja. Aliyeelewa ataacha kugawanya. Aliyekariri kwamba "titresheni ya kaboneti unagawanya kwa mbili" atagawanya tena, na sasa utaona kwamba jibu lake la 10 katika swali la kwanza lilikuwa bahati.

Njia mbili, namba moja

Jibu la −1.91 halimdanganyi mtu, kwa kuwa hakuna fuwele yenye molekuli za maji pungufu ya sifuri. Masi ya moli moja aliyopata ni 71.57, ndogo kuliko hata Na2CO3 kavu isiyo na maji. Mwanafunzi anayeifikia 71.57 hahitaji kuendelea mbele. Hapo hapo anajua kuna jambo. Ndiyo maana nasisitiza kila mstari usomwe kwa maana yake kabla ya kuandika unaofuata.

Gawanya 286.3 kwa 71.57, unapata 4. Sasa 4 inatoka wapi?

Inaweza kutoka kwa yule wa baiskeli 40. Badala ya kuzidisha moli za asidi kwa nusu, amezizidisha kwa 2, na kutoka nusu hadi mbili ni mara nne. Lakini kuna mwingine ambaye hakukosea uwiano hata kidogo. Huyu alitumia ile fomula inayopendwa shuleni kwetu, MaVa/MbVb = na/nb. Akaweka 0.100 × 24.45 juu, Mb × 25 chini, uwiano wa 2 kwa 1, akapata molariti ya kaboneti 0.0489 mol/dm³. Mpaka hapo yuko sawa kabisa. Kisha akachukua 3.50 na kuigawanya kwa 0.0489. Jibu: 71.57.

Kosa lake ni kwamba 0.0489 ni moli zilizomo ndani ya desimita moja ya ujazo, ilhali gramu 3.50 ziliyeyushwa kwenye robo ya desimita. Alitakiwa kwanza apate gramu kwa desimita, 3.50 kugawanya kwa 0.250, yaani 14.0 g/dm³, ndipo agawanye 14.0 kwa 0.0489 na kupata 286.3. Robo aliyoiruka imemzalia ile 4.

Kwa hiyo makosa mawili yasiyo na undugu, moja la dhana ya mmenyuko na lingine la vizio, yanatoa namba ile ile hadi desimali ya mwisho. Hii ndiyo mipaka ya kusoma nyayo: namba inakupa washukiwa, haikupi hukumu. Lazima ufungue daftari utafute mstari wa kwanza uliopotoka, na nasema wa kwanza kwa makusudi. Mistari inayofuata huwa sahihi kwa hesabu ila imebeba mzigo uliotoka juu, na ukianza kusahihisha kutoka chini utaona makosa matano mahali palipo na moja.

Vizio vinavyobaki mkononi

Fomula ya MaVa ina faida yake, lakini ina hasara ambayo haisemwi sana. Ujazo unakaa juu na chini, kwa hiyo cm³ zinafutana zenyewe na mwanafunzi hana haja ya kugeuza chochote. Anafanya hivyo miezi kadhaa na inamkubali. Siku anapohitaji moli zenyewe, kwa n = MV, anaingiza 24.45 kama alivyozoea na kupata moli 2.445 za asidi. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Ila mazoea yaliyokuwa salama kwenye fomula moja ameyahamishia kwenye fomula ambayo si salama.

Dawa ya hapa ni kuandika kizio kwenye kila mstari, na kukizidisha na kukigawanya kama namba. Akiandika 0.100 mol/dm³ × 24.45 cm³, kizio kinachotoka ni mol·cm³/dm³. Hicho si moli. Kina cm³ juu na dm³ chini ambazo hazijaonana, na zinadai 1000 ipite katikati. Mwanafunzi anayeandika namba tupu hawezi kuona hilo, kwa kuwa 2.445 ni namba nzuri tu kama nyingine.

Pale ambapo vizio havikuandikwa, ukubwa wa kitu chenyewe unaweza kusaidia. Moli 2.445 za HCl ni kama gramu 89. Haiwezekani gramu 89 za kitu zimo ndani ya cm³ 24 za asidi iliyozimuliwa. Upande wa pili ni wazi zaidi: nusu ya moli hizo, 1.2225, ni gramu 130 hivi za Na2CO3 ndani ya chupa ya koni, na kwenye mizani tulipima gramu 3.50 tu, tena hatukuzitia zote. Ukaguzi huu hauhitaji kikokotoo. Unahitaji mtu akumbuke kwamba namba zake zinasimulia vitu vilivyokuwa mezani.

Jibu la 153 linakaguliwa vivyo hivyo. Huyu alipata moli 0.0012225 kwenye chupa ya koni na kuzigawanya moja kwa moja kwenye gramu 3.50, akapata 2863. Uwiano ni 10 kamili: amesahau kwamba pipeti ilichota sehemu ya kumi. Fuwele yenye x ya 153 ingekuwa na maji asilimia 96 ya masi yake, na hicho ni kitu cha kumimina, hakikai kwenye kijiko kikavu. Magadi yenye x ya 10 yana maji asilimia 63 hivi, ambayo nayo ni mengi ya kushangaza ukiyashika, lakini ndivyo yalivyo. Mara nyingi anayekosea hapa hakufanya jaribio kwa mikono yake. Alisoma tu swali kwenye karatasi. Mwambie achore vyombo vitatu, chupa ya 250, pipeti na chupa ya koni, na aandike moli zilizomo kwenye kila kimoja. Zile moli zikishapewa makazi, kosa hili halirudi kirahisi.

Makosa yanayoitwa uzembe

Neno "uzembe" tunalitumia kwa wepisi mno. Kosa la mkono kweli lina tabia moja: halijirudii mahali pale pale. Leo kanakili 24.54 badala ya 24.45, kesho kabonyeza 3.05 badala ya 3.50. Mpe mtu huyo swali jingine la aina ile ile, bila kumwonyesha alikokosea. Akipita salama, lilikuwa la mkono. Akianguka kwenye mstari ule ule, liite jina lake halisi, kwa sababu mkono hauchagui mstari mmoja kila mara.

Tazama lile jibu la 13.6. Aliyelipata ana mlinganyo sahihi, vizio sahihi, sehemu ya kumi ameikumbuka. Lakini alipofika 0.0012225 aliandika 0.001, akaendelea nayo. Kwa moli 0.01, masi ya moli moja inakuwa 350, na x inakuwa 13.6. Mwenzake aliyekata kwenye 0.0012 alipata 291.7 na x ya 10.3, ambayo bado inampeleka kwenye 10. Wote wawili wataambiwa "msikate desimali mapema". Huyu wa kwanza, hata hivyo, anaamini kwamba desimali tatu ni desimali tatu popote, iwe kwenye 24.450 au kwenye 0.001. Hajui kwamba sifuri za mbele hazibebi taarifa yoyote, zinashikilia nafasi tu, na kwamba 0.001 imebakiwa na tarakimu moja yenye maana. Hilo ni jambo la kufundishwa, na kumwita mzembe ni kumwonea.

Kuna hesabu ndogo inayoonyesha uzito wa makosa haya. Asilimia moja ya 286 ni kama 2.9, na 2.9 kugawanya kwa 18 ni 0.16. Yaani kila asilimia moja ya kosa kwenye usomaji wa bureti inasogeza x kwa 0.16 tu. Ili x ivuke nusu na kukupeleka kwenye namba nzima isiyo yake, kosa linatakiwa kuzidi asilimia tatu, karibu cm³ 0.75. Ndiyo maana aliyeingiza usomaji wa majaribio kwenye wastani alipata 24.56 na x ya 9.94, aliyegeuza 24.45 kuwa 24.54 alipata 9.96. Wote wawili waliandika 10 na kosa lao halikuonekana. Kwenye swali linalotaka molariti kwa desimali nne wangeonekana mara moja. Kosa halibadiliki, ila swali lenyewe ndilo linaloamua kama litafichwa au litafichuliwa.

Kosa ambalo halimo kwenye hesabu

Limebaki 9.33, na hili lina mafunzo yake. Ukikagua daftari la aliyelipata, kila mstari umenyooka. Amesoma 25.50, 25.60 na 25.55, wastani 25.55, na kutoka hapo kila kitu ni sahihi hadi x ya 9.33.

Linganisha usomaji wake na wa wenzake: 24.50, 24.40, 24.45. Ukijumlisha jozi kwa jozi, 24.50 na 25.50, 24.40 na 25.60, 24.45 na 25.55, kila jozi inatoa 50. Amesoma bureti kama anavyosoma silinda ya kupimia, kutoka chini kwenda juu. Sifuri ya bureti iko juu na namba zinaongezeka kushuka. Akaona kiwango cha kioevu kiko kati ya 24 na 25, akahesabu mistari kuanzia ule wa chini, na hata namba nzima akaigeuza. Ni kosa la kusoma kifaa, na hakuna ukaguzi wa hesabu utakaolipata. Linapatikana kwa kumsimamisha mbele ya bureti na kumwambia asome kwa sauti.

Lakini x pungufu ya 10 inaweza kutokea bila mtu yeyote kukosea. Fuwele za magadi ya kufulia zikiachwa wazi kwenye hewa kavu hupoteza maji, na sura yake ya kioo inafunikwa na unga mweupe. Zikiendelea hivyo hufikia kubaki na molekuli moja tu ya maji. Gramu 3.50 za fuwele zilizopoteza maji kidogo zina kaboneti nyingi zaidi, zinataka asidi nyingi zaidi, na x inashuka. Darasa zima likipata kati ya 9.2 na 9.4, kwa bureti mbalimbali na mikono mbalimbali, acha kutafuta kosa kwenye madaftari. Nenda stoo ukaangalie kopo lenyewe kama kifuniko kilikaza.

Na mezani kuna kosa jingine linalozaa namba 2, ambalo nimeliacha mwisho kwa sababu linavuruga kila tulichosema juu. Ni kiashiria. Kaboneti haimezi protoni zote mbili kwa pigo moja. Kwanza inageuka haidrojenikaboneti, kwa protoni moja, kisha haidrojenikaboneti inapokea ya pili na kuwa maji na kaboni dioksaidi. Methili oranji hubadili rangi kwenye pH ya 3 hadi 4 na kitu, baada ya hatua zote mbili. Fenolfthalini inapoteza rangi yake ya waridi kwenye pH ya 8 na kitu, mwisho wa hatua ya kwanza tu. Aliyetumia fenolfthalini atafunga bomba la bureti kwenye cm³ 12.2 hivi, nusu ya wenzake.

Akiendelea na uwiano wa 1 kwa 2 kama alivyofundishwa, masi ya moli moja inakuwa kama 573 na x karibu 26. Uwiano ni 2 kwa upande wa juu, na aliyezoea kusoma nyayo atashuku mlinganyo, wakati mlinganyo wake hauna neno. Ni kiashiria kilichosimama njiani.

Sasa mfikirie mwanafunzi mwenye usomaji wa 12.2 na uwiano wa 1 kwa 1. Atapata 287 na x ya 10, na atawekewa vema. Mwombe aandike mlinganyo aliotumia. Akiandika Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl, anajua kemia yake vizuri kuliko swali lilivyomdai. Akiandika kwamba HCl moja imetoa NaCl, maji na kaboni dioksaidi, mlinganyo haujasawazishwa, na makosa mawili yamefutana kwenye karatasi yake: la kiashiria na la uwiano. Mpe methili oranji jaribio lijalo, na x yake itakuwa 2.